Usaili Unaoanzia Getini

"Kampuni ya usafirishaji wa mizigo inakaribisha waombaji wa nafasi za madereva wa malori (12) na wasaidizi wa ghala (20). Usaili ni wa ana kwa ana. Jumamosi, kuanzia saa 2:00 asubuhi. Mapokezi yatafungwa saa 6:00 mchana. Mahali: yadi ya kampuni, Vingunguti, Dar es Salaam. Njoo na vyeti halisi na nakala zake, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, barua za wadhamini wawili na picha ndogo mbili. Madereva waje na leseni hai na pasi ya kusafiria. Kila mwombaji atajigharamia nauli na chakula."

Tangazo hili nimelitunga kwa ajili ya makala haya, lakini hakuna mstari ndani yake ambao msomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hajawahi kuuona ukutani, gazetini au kwenye kundi la Wasapu. Ni mwaliko wa usaili wa wazi: huombi kwanza, husubiri kuitwa, unakwenda tu na karatasi zako mkononi. Watu wengi hulisoma kama taarifa ya siku na mahali, wakazitia vyeti kwenye bahasha, wakaamka mapema wakaondoka. Wengi wao hurudi nyumbani bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kazi yenyewe. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi waliorudishwa walikuwa na uwezo wa kazi, na kilichowarudisha kilikuwa kimeandikwa kwenye tangazo tangu mwanzo.

Usaili wa namna hii hauanzii chumbani kwenye meza ya wasaili. Unaanzia getini, kwa mtu mwenye daftari na kalamu anayepokea karatasi.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Tuseme kampuni yetu imepanga meza tatu za wasaili, na kila mwombaji anapewa dakika nane. Wakianza saa 2:30 asubuhi na kumaliza saa 8:30 mchana, wana saa sita, yaani dakika 360. Kila meza itaona watu 45, na meza zote tatu watu 135. Ikiwa Jumamosi hiyo wamefika watu 500, basi watu 365 lazima wapunguzwe kabla ya kufika mezani, na hakuna muda wa kuwapima kwa maneno. Kinachobaki ni karatasi. Anayepokea hahitaji kujua nani dereva mzuri. Anahitaji kujua nani ana kila kilichotajwa na nani amepungukiwa.

Hapa ndipo usaili wa wazi unapotofautiana na ule wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kule unaomba kwanza kupitia mfumo wa ajira, taarifa zako zinachambuliwa, kisha majina ya walioitwa yanatangazwa. Siku ya usaili unakwenda ukijua kwamba jina lako lipo. Kwenye usaili wa wazi uchambuzi wote huo unafanyika ukiwa umesimama juani, kwa dakika mbili au tatu, na mbele ya watu wengine mia wanaosukuma. Karatasi yenye kasoro ndogo, ambayo ofisini ingeulizwa na kuelezwa, getini inaweza kukutoa nje ya mstari.

Turudi kwenye tangazo, tuanze na saa na mahali.

"Kuanzia saa 2:00 asubuhi" na "mapokezi yatafungwa saa 6:00 mchana" ni mistari miwili tofauti, na wa pili ndio wenye meno. Wengi huukumbuka wa kwanza tu. Aliyepanga kufika saa 5:45 akitokea Chanika, akakuta foleni ya watu 200 nje ya geti, huenda saa sita ikamkuta bado nje, na mlinzi hana mamlaka ya kumwingiza. Kwenye matangazo yasiyotaja saa ya kufunga, chukulia kwamba geti litafungwa waombaji wakitosha. Kisha kuna matangazo yanayoandikwa kwa saa za Kizungu, "8:00" bila neno asubuhi wala mchana. Kwa saa zetu hiyo ni saa 2 asubuhi. Aliyeisoma kama saa nane mchana atafika wakati meza zinakunjwa.

Mahali pia pasomwe kwa makini kuliko jina la mtaa. Vingunguti ni kubwa, na yadi za malori ziko nyingi. Tangazo linalosema "yadi ya kampuni" bila alama ya karibu, namba ya kiwanja wala namba ya simu ya kuulizia linakudai siku moja ya ziada: nenda Ijumaa ukapaone. Ukifika, mwulize mlinzi kama kweli Jumamosi kuna usaili. Mlinzi wa geti hujua mambo hayo, na jibu lake linaweza kukuokolea nauli, hasa tangazo likiwa la uongo, jambo nitakalolifikia mbele.

Umati wenyewe si jambo la kupuuza. Juni 2014, usaili wa Idara ya Uhamiaji ulifanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu waombaji walizidi 10,000 wakati nafasi zilikuwa 70. Wale walikuwa wameitwa, na bado ilibidi watafutiwe uwanja wa mpira. Novemba 2023, kule Brazzaville, vijana waliokuwa wakijiandikisha jeshini kwenye uwanja wa Michel d'Ornano walikanyagana usiku, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwajiri anayetangaza nafasi 32 mjini Dar es Salaam bila kutenga siku ya madereva na siku ya wasaidizi wa ghala, bila maji, bila namba za foleni, anacheza na maisha ya watu. Nawe mwombaji, ukiona geti moja jembamba na watu wanaanza kupandana, jitoe pembeni. Hakuna kazi ya ghala inayostahili ubavu wako.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoangukia.

Anayepokea huwa hasomi vyeti kimoja kimoja kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Anavilinganisha. Anaweka kitambulisho juu ya meza, cheti cha kidato cha nne pembeni yake, cheti cha kuzaliwa na leseni chini, kisha macho yake yanatembea kutoka jina hadi jina na kutoka tarehe hadi tarehe. Swali lake ni moja: je, karatasi hizi zote ni za mtu mmoja?

Namba ya NIDA humsaidia kuliko wengi wanavyojua. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 19980714 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 14 Julai 1998. Mtu huyo akileta cheti cha kuzaliwa kinachosema 14 Julai 1996, mpokeaji ameshaona tofauti kabla hata hajauliza jina. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi kaa chini, andika kwenye karatasi moja jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kila hati uliyonayo, herufi kwa herufi. Kazi hii haichukui nusu saa, na itakuonyesha kile ambacho mtu wa getini angekuwa wa kwanza kukiona.

Tuchukue mwombaji wa mfano, dereva wa miaka 27. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Hamisi Juma Ally. Shuleni mwalimu alimwandikisha Khamis Juma, na hivyo ndivyo cheti chake cha Baraza la Mitihani kinavyosema. NIDA ni Hamisi Juma Ally. Leseni ni Hamisi J. Ally. Mtaani kila mtu anajua ni yuleyule. Getini mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, huyu Khamis Juma ni nani?"

"Ni mimi, dada. Shule waliandika vile."

"Una hati ya kiapo?"

"Sina, dada yangu. Lakini baba ni mmoja, tazama hata shule ni ileile."

"Nakuelewa, kaka. Ila mimi siwezi kuandika majina mawili kwenye daftari. Naomba usogee kidogo, mwenzako apite."

Dada yule hana ubaya. Faili likifika kwa bosi wake na majina mawili ndani, yeye ndiye atakayeulizwa. Dawa ya Hamisi inapatikana kwa wakili au kamishna wa viapo mwingine: hati ya kiapo inayotaja majina yote kama yalivyoandikwa, inayotaja kila hati yenye jina hilo, na kueleza kwamba yote ni ya mtu mmoja. Kwa tofauti ya herufi, kama Khamis na Hamisi, au jina la tatu lililoachwa, waajiri wengi binafsi huridhika na kiapo. Tofauti ikiwa kubwa, kwa mfano mtu aliyesoma kwa jina la mjomba aliyemlea na sasa anatumia la baba yake, kiapo hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa kwa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Serikali huidai hati hiyo waziwazi kwenye matangazo yake ya kuita wasailiwa wenye majina yanayotofautiana. Huo usajili haukamiliki kati ya Alhamisi na Jumamosi. Ndiyo maana nasema tofauti ya majina ishughulikiwe sasa, wakati hakuna tangazo lolote ukutani.

Neno "halisi" lina uzito wake pia. Cheti halisi ni kile ulichopewa na Baraza la Mitihani, VETA au chuo, si karatasi ya matokeo uliyoichapisha kwenye steshenari, wala barua ya kumaliza shule. Kwenye usaili wa serikali karatasi za matokeo ya muda hukataliwa kabisa, na waajiri binafsi wengi wameiga. Ikiwa cheti kimepotea, anza kwa ripoti ya polisi ya upotevu, kisha ufuate utaratibu wa Baraza. Usiende getini na maelezo ya mdomo. Ripoti ya polisi haichukui nafasi ya cheti, lakini angalau inampa mpokeaji kitu cha kuambatanisha.

Nakala ni jambo jingine. Tangazo likisema "nakala" tu, fotokopi safi inatosha. Likisema "nakala zilizothibitishwa", kila ukurasa unahitaji muhuri na sahihi ya wakili au hakimu aliyeiona ile halisi. Watu huthibitisha cheti cha kidato cha nne wakasahau leseni. Nyaraka tano zikitakiwa, mihuri ni mitano.

Barua ya serikali ya mtaa ndiyo inayowaangusha wengi kwa sababu ya siku. Ofisi ya mtaa hufunguliwa siku za kazi, na mara nyingi mtendaji hakuandikii mpaka mjumbe wako wa shina akutambue kwanza kwa kikaratasi chake. Tangazo likitoka Alhamisi mchana kwa usaili wa Jumamosi, una Ijumaa peke yake, na Ijumaa hiyohiyo mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao cha kata. Mpigie mjumbe jioni ile ile ya Alhamisi. Peleka picha mbili, kwa kuwa moja hubandikwa kwenye barua na kugongwa muhuri unaopita nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Muhuri uliokaa pembeni bila kugusa picha huzua maswali, kwani picha isiyoguswa na muhuri inaweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine. Angalia pia kwamba barua imetaja jina lako kama lilivyo kwenye NIDA, maana Hamisi wetu anaweza kumaliza suala la shule akajikuta na tatizo jipya la mtaa.

Wadhamini ndio mzigo mzito kwa kijana mgeni mjini. Kwa ghala, ulinzi na kazi za kushika fedha, mwajiri anataka mtu atakayeweza kumtafuta mali ikipotea. Mdhamini wa kweli huleta barua yenye sahihi, nakala ya kitambulisho, namba ya simu inayopatikana, na mara nyingine barua ya mtaa wake pia. Mwambie mapema, na mwambie atapigiwa. Nimeona ombi zuri likifa kwa sababu mdhamini alipopigiwa alisema, "Huyo kijana namfahamu, lakini kudhamini sijaambiwa."

Kwa madereva, tangazo letu limeongeza vitu viwili. "Leseni hai" maana yake tarehe ya mwisho haijapita, na daraja lililoandikwa ndani linaruhusu gari litakaloendeshwa. Leseni yetu hudumu miaka mitano, na si ajabu mtu aliyeendesha daladala kwa muda mrefu kugundua getini kwamba iliisha miezi mitatu iliyopita. Pasi ya kusafiria imetajwa kwa sababu malori yanayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam huvuka Tunduma kwenda Zambia na hadi Kongo. Mstari huo mmoja unakuambia kazi yenyewe ilivyo: si safari za mjini, ni siku nyingi barabarani na foleni za mpakani. Dereva mwenye mzazi mgonjwa wa kumhudumia kila jioni angejua hapo hapo kama kazi hii inamfaa, kabla ya kutumia hata nauli.

Panga karatasi kwa utaratibu ambao tangazo limezitaja, si kwa utaratibu unaoupenda wewe. Mpokeaji anatembea na orodha ile ile. Ukimkabidhi faili ambalo kila anachokitafuta kinafuata kilichotangulia, unapita kwa dakika moja. Ukianza kupekua bahasha ya kaki huku picha zinadondoka chini, watu wa nyuma wanalalamika, naye ameshachoka nawe.

Kuna kosa moja linalofanywa na walio upande wa pili wa meza, nalo nalikataa bila kusita: kubaki na vyeti halisi. Cheti halisi huonyeshwa, hulinganishwa na nakala, na hurudi mkononi mwako palepale. Mwajiri hana sababu ya kulala na cheti chako cha kidato cha nne. Mahali pengine vyeti hushikwa ili mfanyakazi asiweze kuondoka, na kuvirudisha huwa vita. Ukiambiwa "acha tutakupigia", jibu kwa upole: "Nakala ninaacha, bosi, halisi naomba nirudi nayo." Anayekasirika kwa sentensi hiyo amekuonyesha mapema jinsi atakavyokuajiri.

Hata nakala zina thamani. Zina jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, picha na simu, kila kitu anachohitaji tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde. Mia tano wakifika na thelathini na wawili wakachukuliwa, faili nyingi zinabaki kwenye yadi ile. Unayo haki ya kuuliza zitakwenda wapi. Njia rahisi ya kujilinda ni kuandika kwa kalamu juu ya kila nakala, bila kufunika maandishi: "Kwa usaili wa madereva", na tarehe. Nakala yenye maneno hayo ni ngumu kuitumia kukopa au kusajili laini ya simu.

Sasa matangazo ya uongo. Yapo ya aina mbili, na hayafanani.

La kwanza linataka fedha: ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya, itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, "ili jina lako liingizwe kabla ya Jumamosi." Usaili wa wazi hauna orodha ya kuingizwa kabla, maana yake yote ni kwamba unakwenda bila kuandikishwa. Hilo peke yake linatosha kulifichua. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kwenye kifungu chake cha 7, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza anayetafuta kazi, waziwazi wala kwa kuzunguka. Kupimwa afya kupo kweli, hasa kwa wapishi na wahudumu wa chakula, lakini huja baada ya kuchaguliwa, na hufanyika hospitali, kwa risiti. Kama tangazo limetaja jina la kampuni, litafute kwenye daftari la BRELA mtandaoni, kisha pigia namba uliyoipata mwenyewe, si ile iliyo kwenye tangazo.

La pili halidai fedha mwanzoni, na ndilo linalowanasa hata wasomi. Linasema "vijana 50 wanahitajika haraka, kazi za ofisini, uzoefu si lazima", lakini halitaji cheo hata kimoja wala kazi yenyewe. Ukifika, unakuta ukumbi, viti vimepangwa, na mtu mwenye tai anaeleza jinsi alivyotajirika kwa kuuza bidhaa fulani na kuleta wenzake. Baada ya saa mbili unaambiwa ununue kifurushi cha kuanzia. Hukusailiwa, ulialikwa uwe mteja. Njia ya kulitambua ukiwa bado nyumbani ni kulilinganisha na tangazo la yadi yetu. Lile limetaja malori, ghala, leseni, pasi. Mahitaji yake yanatokana na kazi. Tangazo ambalo halidai chochote kinachohusu kazi mara nyingi halina kazi.

Kuna pia matangazo ya kampuni za kweli yenye masharti yasiyostahili: "wasichana tu, wasioolewa, miaka 20 hadi 25." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ndoa, ujauzito, ulemavu, kabila, dini na mengine, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi. Mwajiri anaweza kuweka sharti linalotokana na kazi yenyewe, kama leseni kwa dereva. Hali ya ndoa ya mtu wa ghala haitokani na kazi ya ghala.

Ukishapita getini, dakika nane za chumbani ni za kawaida kuliko hofu inavyozichora. Dereva ataulizwa amebeba nini, njia zipi, na anakagua nini kabla ya kuwasha gari asubuhi. Kisha mara nyingi atapelekwa uwanjani kurudisha tela nyuma kati ya mapipa mawili, na hapo maneno yanaisha. Msaidizi wa ghala ataulizwa atafanyaje mzigo ukipungua kwenye hesabu. Kabla ya kuondoka uliza mambo mawili tu: majibu yatatolewa lini, na kwa njia gani. Acha namba mbili za simu, ya pili iwe ya ndugu ambaye simu yake haizimiki, kwa sababu wakikupigia Jumanne mara mbili bila kukupata, watampigia wa pili kwenye orodha.

Ukipigiwa ukaambiwa uanze, omba maelezo ya kazi kwa maandishi. Kifungu cha 15 cha sheria ileile kinamtaka mwajiri ayaandike mfanyakazi anapoanza: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Ndani ya orodha hiyo kuna kitu ambacho wengi hukipita: mahali ulipoajiriwa. Kwa Hamisi anayeishi Vingunguti hakina uzito mkubwa. Lakini chukua kampuni hiyohiyo ikifanya usaili Mwanza na kuwaleta vijana kwenye ghala la Dar es Salaam. Kwa kifungu cha 43, mkataba ukivunjika mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukurudisha pale pamoja na mizigo yako, au kukulipia usafiri huo. Ikiwa karatasi ya ajira imeandikwa Dar es Salaam wakati ulisailiwa na kuchukuliwa Mwanza, nauli hiyo utaidai kwa shida. Kwa hiyo soma mstari huo kabla ya kusaini, na tangazo la usaili lililotaja Mwanza, hata kama ni picha tu kwenye simu, lihifadhi pamoja na mkataba wako.